Karata Zinaposema Mwisho: Jinsi ya Kumwandikia Mteja Barua ya Uchungu

Mteja yuko Nairobi, mchumba wake yuko Doha kwa mwaka wa tatu sasa, na swali alilotuma kwa simu ni fupi: "Mimi na yeye tutafika?" Msoma karata yuko nyumbani kwake Mombasa. Amechanga karata zake za taroti, ametandaza tano, na ya nne imetoka na picha ya moyo mwekundu uliochomwa na panga tatu huku mvua ikinyesha. Mteja hayupo mbele yake atazamwe uso. Hakuna nafasi ya kunyamaza kidogo ili neno liingie polepole. Kilichopo ni barua, na mtu atakayeisoma peke yake, huenda usiku wa manane, na huenda akairudia mara nyingi.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini hali yenyewe inamkuta kila anayesoma karata kwa watu walio mbali. Wengi hujifunza maana za karata kwa miaka na hawajifunzi kuandika. Matokeo yake ni barua za aina mbili. Ya kwanza husema "mtaachana" katika mstari wa kwanza na kuishia hapo. Ya pili huzungukazunguka na maneno ya faraja hadi mteja anaifunga bila kujua ameambiwa nini, kisha anaanza kuwatumia rafiki zake wamsaidie kuifasiri. Zote mbili humwacha pabaya. Ipo namna ya kuandika inayolitamka jambo waziwazi na bado ikamheshimu aliyeuliza, na inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Picha isitangulie maneno

Seti ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni karata kubwa, kila moja na jina lake, kama vile Mauti, Mnara na Nyota. Zilizobaki 56 ni ndogo, nazo zimegawanyika makundi manne: Vikombe, Panga, Fimbo na Sarafu. Mtu aliyezoea karata za kawaida za kijiweni anaweza kuyafikiria kama kopa, shupaza, pau na uru. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa za mchezo tu. Kuzitumia kwa uaguzi kulikuja kuenea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18.

Seti inayotumika zaidi leo ilitolewa London mwaka 1909. Aliyeisimamia ni Arthur Edward Waite na aliyeichora ni Pamela Colman Smith. Katika seti nyingi zilizotangulia, karata ndogo zilionyesha hesabu tu: Tatu ya Panga ilikuwa panga tatu, basi. Smith aliweka picha katika kila karata, na picha zake ndizo zilizofanya wasiojua chochote kuhusu taroti wajione wanaielewa papo hapo. Ndiyo sababu mteja akitumiwa picha ya Tatu ya Panga kabla ya maelezo, tayari ameshajiandikia barua yake mwenyewe, na ni nadra iwe ya huruma. Tuma maneno kwanza. Picha zifuate baadaye, kama mteja anazitaka.

Inafaa pia msoma karata akumbuke hesabu moja nyepesi. Ukitandaza karata tano kutoka katika 78, Tatu ya Panga itatokea kwa wastani mara moja katika kila mitandazo 16 hivi, awe anauliza bibi harusi au mjane. Anayesoma watu watano kwa siku ataiona karibu kila baada ya siku tatu. Hesabu hiyo haimzuii kuisoma, lakini inamzuia kuandika kwamba jambo hilo "limeandikwa." Karata ilitoka kwa kuchangwa. Uzito inaoupata unatokana na mahali ilipoangukia na mambo aliyoyasema mteja.

Kabla ya kuandika

Mahali pa kila karata hutajwa kabla haijafunuliwa. Katika mfano wetu nafasi ni tano: hali ilivyo sasa, kilichowaunganisha, kinachowatenganisha, mambo yanakoelekea, na kilicho mikononi mwa mteja. Msoma karata anayesubiri aone karata ndipo aamue nafasi yake atajikuta anaisogeza ile mbaya iende mahali pasipouma, na mteja atasomewa huruma ya msomaji badala ya karata.

Zilizotoka ni hizi, kwa mpangilio huo: Mbili ya Panga, Mbili ya Vikombe, Nane ya Vikombe, Tatu ya Panga na Tano ya Vikombe.

Hatua inayofuata ni kuchukua karatasi na kuigawa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza andika kilichochorwa, bila tafsiri: mwanamke aliyefungwa macho, panga mbili, bahari. Sehemu ya pili andika unavyokisoma. Sehemu ya tatu andika yale aliyokueleza mteja mwenyewe. Hii ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayolinda uaminifu. Mteja wetu alisema tangu Ramadhani hawajazungumza habari ya harusi. Msoma karata akiandika "naona kimya kati yenu kuhusu ndoa," amechukua maneno ya mteja na kumrudishia kana kwamba ni siri iliyofichuliwa na karata. Mteja atashtuka, ataamini kila kitu kingine kilichomo, na imani hiyo itakuwa imejengwa juu ya alichokisema mwenyewe. Andika "uliniambia kwamba." Maneno mawili hayo yanatosha.

Kuna jaribio maarufu linaloonyesha jinsi watu walivyo wepesi kujiona katika maneno ya jumla. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote. Walipoombwa kupima yanavyowafaa kwa alama kutoka 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Mtu mwenye hofu ya kuachwa ni mwepesi zaidi ya hapo. Kila sentensi isiyo na mipaka itapata mahali pa kushika katika maisha yake, hivyo mwandishi wa barua anawajibika pia kwa sentensi alizozidokeza tu.

Mambo matatu yasiyoingia

La kwanza ni mtu wa tatu. Sentensi kama "kuna mwanamke karibu naye" huandikwa kwa wepesi, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Mteja ataanza kutafuta sura ya kuivika, na ataipata: mfanyakazi mwenzake, binamu, shoga yake aliyewahi kwenda Doha. Waafrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa jina lake, ramli chonganishi. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wanaopiga ramli za aina hiyo, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Katika Kanda ya Ziwa, vikongwe nao wameuawa baada ya kutajwa kuwa wachawi waliosababisha ugonjwa au kifo. Barua ya mapenzi inaonekana iko mbali na maafa hayo, lakini utaratibu ni uleule: mwaguzi anatoa nafasi tupu yenye umbo la mtu, na mwenye uchungu anaijaza jina.

La pili ni tarehe. "Ndani ya miezi mitatu" humfanya mteja aishi akihesabu siku, na kila ugomvi mdogo ndani ya miezi hiyo huwa ndio utabiri unatimia. Picha ya Tatu ya Panga haina kalenda.

La tatu ni dawa. Kwenye nguzo za umeme za miji mingi yetu kuna vikaratasi vinavyoahidi kumrudisha mpenzi aliyeondoka, na mteja aliyeumia atauliza kama kuna la kufanya. Msoma karata anayemjibu kwamba kuna kizuizi kinachoweza kuondolewa kwa malipo ameacha kusoma karata na ameanza kuuza hofu. Jimbo la New York, kwa mfano, lina sheria inayofanya kudai malipo kwa ajili ya kupiga ramli au kuondoa laana kuwa kosa la jinai, isipokuwa iwe burudani tu.

Barua yenyewe

Mstari wa kwanza wa ujumbe huonekana kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa. Wateja wengi, Waislamu kwa Wakristo, huuliza kwa siri kwa kuwa dini zao zinakataza uaguzi, na wengine huishi na watu wanaochungulia simu. Basi mstari wa kwanza uwe salamu, na habari yenyewe isubiri aya ya pili. Isicheleweshwe zaidi ya hapo.

Hii ndiyo barua aliyoandikiwa mteja wa mfano wetu.

*Dada yangu mpendwa,*

*Salamu kutoka Mombasa. Asante kwa kuniamini na swali lako. Tafuta mahali umetulia ndipo uendelee kusoma. Barua hii haina haraka.*

*Uliniuliza kama wewe na mchumba wako mtafika. Nitakujibu moja kwa moja, usije ukahangaika kutafuta maana iliyofichwa: karata zilizotoka, ninavyozisoma mimi, zinazungumzia kutengana zaidi kuliko ndoa. Najua si jibu ulilolitamani, wala mimi sikufurahi kuliona. Sasa nikueleze nimelipataje, karata moja baada ya nyingine.*

*Ya kwanza ni ya hali ilivyo sasa, na ilitoka Mbili ya Panga. Mwanamke ameketi, macho amefungwa kitambaa, ameshika panga mbili zilizopishana kifuani. Nyuma yake ni bahari. Uliniambia kwamba tangu Ramadhani hamjazungumza habari ya harusi na hakuna anayeianza. Ninaisoma hapo hapo: kuna swali ambalo nyote wawili mnalijua, na hakuna anayeliuliza.*

*Ya pili ni ya kilichowaunganisha, nayo ni Mbili ya Vikombe. Mwanamume na mwanamke wametazamana, kila mmoja na kikombe chake. Naomba hii uishike. Lolote litakalofuata, hakuna karata hapa inayosema kwamba mapenzi yenu yalikuwa ya uongo.*

*Ya tatu ni ya kinachowatenganisha: Nane ya Vikombe. Mtu wa joho jekundu anaondoka usiku na fimbo mkononi, ameacha nyuma yake vikombe vinane vimepangwa. Havikuvunjika. Ninamwona hapo mtu ambaye moyo wake umeanza kuelekea kwingine, pengine kwenye kazi, pengine kwenye maisha ambayo bado hajaweza kuyaeleza. Karata hainiambii ni nani kati yenu. Utadhani ni yeye kwa kuwa ndiye aliye mbali. Jiulize pia kama ni wewe.*

*Ya nne ni ya mambo yanakoelekea, na ni Tatu ya Panga: moyo uliochomwa na panga tatu, na mvua nyuma yake. Picha yake inatisha, ndiyo maana sikukutumia kabla ya maneno haya. Nikiiweka pamoja na zile zilizotangulia, naona kwamba mkiendelea kama mlivyo, bila kulizungumza lile swali, uhusiano wenu unaelekea kuisha. Ukiisha utakuumiza, na sitakuambia vinginevyo.*

*Ya tano ni ya kilicho mikononi mwako: Tano ya Vikombe. Mtu wa joho jeusi amevitazama vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake viwili vimesimama, na mbele kuna daraja la kuvukia mto. Karata hii haiahidi kwamba atarudi, na sitaki kuilazimisha iseme hivyo. Uliniambia unaishi na dada yako, na umebakiza muhula mmoja umalize chuo. Kwangu mimi hivyo ndivyo vikombe viwili vilivyosimama.*

*Kuna mambo nisiyoyajua na sitayabuni. Sijui yaliyo moyoni mwake. Kama kuna mtu mwingine au hakuna, sijui. Usiisome hivyo karata yoyote niliyoitaja. Sijui siku wala mwezi. Wewe umemjua miaka mitano. Mimi nimetazama karata tano.*

*Nakuomba usivunje uchumba kwa sababu ya barua hii. Ukiona inafaa, chagua siku ambayo nyote mna nafasi, umuulize lile swali kwa kinywa chako, na umsikilize. Jibu lake lina uzito kuliko langu.*

*Ikiwa kuna nililoandika ambalo hukulielewa, niandikie wiki hii, sitakutoza kitu. Kutandaza upya kwa swali hilihili, tusubiri hadi kuwe na jambo jipya. Na usikae na haya peke yako usiku wa leo. Mwambie dada yako, japo nusu yake.*

*Wako,*
*dada yako wa Mombasa*

Kwa nini imeandikwa hivyo

Jibu limetolewa katika aya ya pili kwa sababu mteja hasomi chochote kabla ya kulipata. Ukimpitisha kwanza katika karata tatu, atazisoma kwa macho tu huku akitafuta neno "ndiyo" au "hapana." Akishalipata, hurudi nyuma na kuanza kusoma kweli, na maelezo ya karata moja moja humpa njia ya kuona jibu lilivyofikiwa. Akitaka kulipinga, anajua alipingie wapi. Anaweza kusema: Nane ya Vikombe si sisi, hilo halikutugusa. Barua inayompa nafasi ya kukataa inamtendea kama mtu mzima.

Angalia pia jibu lenyewe lilivyopimwa. Halikusema "mtaachana," na halikusema "kuna changamoto kidogo." Linasema karata zinazungumzia kutengana zaidi kuliko ndoa, kisha karata ya nne inaongeza sharti: mkiendelea kama mlivyo. Sharti hilo halikuwekwa ili kupunguza makali. Linatokana na Mbili ya Panga, inayoonyesha jambo ambalo bado halijaamuliwa. Kama karata ya kwanza ingekuwa Kumi ya Panga, yenye mtu aliyelala kifudifudi na panga kumi mgongoni, sharti lisingekuwa na msingi na lingepaswa kuondolewa. Faraja yoyote katika barua iweze kuonyeshwa karata iliyoileta.

Katika Tatu ya Panga, mwandishi alikuwa na mengi ya kuchagua. Orodha ya maana alizotoa Waite katika kitabu chake cha 1911 inaanza na kuondolewa, kutokuwepo na kuchelewa, ndipo inafika kwenye mgawanyiko na mpasuko. Mwandishi mwenye woga angeishia kwenye "kuchelewa," akamwambia mteja kwamba harusi itasogezwa mbele tu. Lakini karata ya tatu ilikuwa mtu anayeondoka, na ya tano ni vikombe vilivyomwagika. Kuchagua maana nyepesi huku karata za jirani zikisema vingine ni kumdanganya mteja kwa kitabu mkononi. Namna ya kujipima ni kumfikiria mteja mwingine, asiyekuhusu, aliyepata karata hizohizo kwa mpangilio huohuo. Ukiona ungemsomea vingine, basi hukusoma karata. Ulimsoma huyu wa kwanza na kumwonea haya.

Mahali palipo rahisi zaidi kuteleza ni karata ya mwisho. Vikombe viwili vilivyosimama hushawishi kuandika kwamba wawili hao bado wamesimama pamoja. Hesabu inaafiki, picha inaafiki, na mteja angeilipia sentensi hiyo mara mbili. Ila nafasi ya tano ilikwishatajwa kuwa ni kilicho mikononi mwa mteja, na mchumba wake hayumo mikononi mwake. Ndiyo maana barua imetaja dada na chuo, vitu ambavyo mteja alivieleza mwenyewe na vitakavyokuwepo kesho asubuhi.

Baadhi ya sentensi za rasimu ya kwanza zilifutwa, na inafaa kuziona. "Naona machozi mengi" ilifutwa kwa kuwa haimwambii mteja lolote isipokuwa kwamba alie. "Yeye si wa kwako" ilifutwa kwa kuwa ni hukumu juu ya mtu ambaye hakuuliza swali wala hakuombwa ruhusa. "Mungu amekuandalia aliye bora" ilifutwa kwa sababu mbili: hakuna karata iliyosema hivyo, na mteja aliye bado katika uchumba hajaomba mwingine. "Jipe moyo" ilifutwa kwa kuwa dada atamwambia vizuri zaidi.

Baada ya kutuma

Jibu la kwanza la mteja mara nyingi huwa ombi: tandaza tena. Karata zilizochangwa upya zitatoa picha nyingine, hilo ni hakika, na ndiyo shida yenyewe. Mtandazo wa pili ukiwa mzuri, mteja atashikilia wa pili. Ukiwa mbaya, ataomba wa tatu. Sharti lililowekwa ndani ya barua, kwamba wasubiri hadi kuwe na jambo jipya, humsaidia msoma karata kukataa bila kuonekana mkatili. Jambo jipya ni kama vile amezungumza na mchumba wake, au mchumba amerudi likizo. Kukosa usingizi kwa siku mbili si jambo jipya, ingawa ni sababu ya kumpigia simu umjulie hali.

Jibu la pili linalozoeleka ni hasira. Mteja husema karata ni upuuzi, au msomaji ana wivu. Asijibiwe kwa kutetea karata. Inatosha kumwandikia kwamba ana haki ya kuikataa tafsiri hii, na kwamba msomaji mwenyewe angependa sana awe amekosea. Ikiwa ameomba arudishiwe pesa, arudishiwe kulingana na mlivyokubaliana mwanzoni, bila kuongeza onyo kwamba "utaona." Neno hilo moja linaweza kufuta wema wote ulioandikwa juu yake.

Mwisho, zipo hali ambazo barua haipaswi kuandikwa kabisa, hata karata zikiwa nzuri. Mteja akidokeza kwamba anapigwa, kwamba anatishiwa maisha akiondoka, au kwamba hataki kuishi uhusiano ukivunjika, ziweke karata pembeni na umpigie simu siku hiyohiyo. Muulize yuko wapi na yuko na nani. Mtafutie mtu wa karibu anayemwamini, na umpe njia ya kufikia msaada wa kweli. Kwa aliye Kenya na anayefanyiwa ukatili wa kijinsia, namba ni 1195, na kupiga ni bure.